Faili Lile Lile, au Kila Mara Jingine?

Mpwa wangu ana gemu moja anayoipenda kuliko usingizi: Euro Truck Simulator 2, ile ya kuendesha malori ya mizigo kwenye barabara za Ulaya. Alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 8, akatafuta stiki nyingine ya GB 8, nayo ya mtumba, ili afikishe 16. Kisha akakesha akishusha gemu kwa bando la usiku. Wiki ya kwanza malori yalikwenda vizuri. Wiki ya pili yakaanza kumfia njiani. Yuko kwenye mteremko, mzigo tani 20, mara gemu inajifunga yenyewe na kumrudisha kwenye kioo kitupu cha Windows.

Akafanya wanachofanya wachezaji wote. Aliingia Steam, akafungua sifa za gemu, akabonyeza `Verify integrity of game files`. Baada ya dakika chache Steam ikamwambia mafaili 3 hayakupita ukaguzi na yatashushwa upya. Yakashushwa. Akacheza saa moja, gemu ikafa. Akakagua tena, mafaili 2. Akakagua mara ya tatu, faili 1. Akafurahi, akidhani ugonjwa unaisha. Mara ya nne mafaili 4.

Aliponipigia simu alikuwa ameshafuta gemu nzima na kuishusha upya mara mbili, na bando lilikuwa limekwisha.

"Mjomba," akasema, "mtandao wetu huu unaniletea mafaili mabovu."

Mtandao ndiyo kitu cha kwanza tunachokilaumu, na kwa mambo mengi unastahili. Kwa hili hapana. Ili kuona kwa nini, tuangalie kwanza ule ukaguzi unafanya nini hasa, kwa sababu watu wengi wanaubonyeza kama dawa ya kutuliza maumivu bila kujua kilichomo.

Gemu inapowekwa Steam, kila faili hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kisichozidi takriban MB 1. Kila kipande hupigiwa hesabu moja iitwayo SHA-1. Hesabu hiyo hula kipande kizima, biti kwa biti, na kutoa alama fupi ya herufi na tarakimu 40. Alama hizo huandikwa kwenye orodha inayoshuka pamoja na gemu. Ukaguzi ni kurudia hesabu ile ile juu ya mafaili yaliyomo kwenye diski yako na kulinganisha alama. Zikilingana, faili limepita. Zikitofautiana, kipande hicho kinaletwa kipya.

Hesabu hii haisamehi. Chukua neno "kula". Ndani ya kompyuta herufi "l" ni namba 108, ambayo kwa biti huandikwa 01101100. Herufi "n" ni namba 110, yaani 01101110. Tofauti yao ni biti moja tu, ya pili kutoka kulia. Biti hiyo ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, "kula" limekuwa "kuna", na msomaji wa kawaida anaweza kupita bila kushtuka kwa kuwa yote ni maneno halali. SHA-1 haipiti. Biti moja ikigeuka kati ya milioni nane za kipande, alama yote hubadilika na haifanani tena na ile ya kwanza.

Sasa turudi kwenye mtandao. Kipande kinapofika kutoka mtandaoni, Steam hukipigia hesabu hiyo hiyo kabla ya kukipokea. Kikiwa kibovu kinakataliwa na kuombwa tena. Mtandao mbaya unachelewesha na unakata, lakini haufanikiwi kupenyeza kipande kibovu hadi ndani ya gemu. Kwa hiyo kama faili lilipokewa zima jana na leo limekutwa bovu, limeharibikia nyumbani kwako, ndani ya boksi la kompyuta yako.

Na humo ndani njia ni fupi. Kipande kinafika kwenye RAM, kinahakikiwa humo, kinaandikwa kwenye diski, na siku ya ukaguzi kinasomwa kutoka diski, kinarudi RAM, na prosesa inakipigia hesabu. Washukiwa wakubwa ni wawili, diski na RAM. Bahati nzuri wana tabia tofauti kabisa, na mtu mwenye daftari na subira anaweza kuwatenganisha kabla hajatoa hata shilingi moja kwa fundi.

Swali lenyewe nilimuuliza mpwa wangu kwenye simu ile ile: mafaili yanayokutwa mabovu ni yale yale kila mara, au kila mara mengine?

Hakujua. Hakuna anayejua, kwa sababu Steam hukutajia idadi tu na majina haiyaweki mbele ya macho. Lakini yameandikwa. Ndani ya folda ya Steam kuna folda ya `logs`, na ndani yake faili `content_log.txt` ambalo hufunguka kwa Notepad. Nenda mwisho kabisa, kwenye saa uliyofanya ukaguzi. Nilimwambia akague mara nne, kati ya ukaguzi na ukaguzi azime na kuwasha kompyuta, na kila mara aandike majina kwa kalamu.

Kabla ya kuendelea niwatoe wasiwasi wasomaji wenye tatizo jepesi. Kama ni faili moja tu, lile lile kila siku, na gemu inacheza bila matata, huenda huna ugonjwa wowote. Gemu nyingi huweka mapendeleo yako, kama ukubwa wa kioo au vitufe, ndani ya faili ambalo lipo pia kwenye orodha ya Steam. Ukibadilisha chochote, alama inabadilika. Steam wenyewe wanasema jambo hilo ni la kawaida na linaweza kupuuzwa. Mambo mawili mengine yanafanana na hilo: umeweka modi iliyobadilisha faili la asili, au antivairasi yako inalinyakua faili fulani kila linapotua. La antivairasi utalijua kwa kufungua orodha yake ya vitu ilivyovifungia.

Hayo yakishaondolewa, tunabaki na wale wawili. Nianze na diski, kwa kuwa ndiyo inayohukumiwa haraka zaidi.

Diski haimdanganyi mtu kirahisi. Kila sekta inapoandikwa, diski huongeza pembeni yake biti za kurekebishia makosa. Inaposoma, inalinganisha. Kosa dogo inalirekebisha kimya kimya. Kosa kubwa lisilorekebishika, inajaribu kusoma tena na tena, na ikishindwa inakiri: imeshindwa kusoma. Kompyuta hupata jibu la "siwezi". Kupewa data ya uongo kama vile ni ya kweli hutokea kwa nadra. Hivyo diski inayokufa ina kelele, hata kama si ya masikioni. Ukaguzi unakwama kwenye asilimia ile ile. Kompyuta nzima inaganda sekunde kumi, ishirini, halafu inaendelea. Faili linalolalamikiwa ni lile lile, kwa sababu limekaa mahali pale pale pabovu.

Tena Windows huandika malalamiko hayo. Fungua `Event Viewer`, ingia `Windows Logs`, kisha `System`, utafute mistari ambayo chanzo chake ni `disk`. Tukio namba 7 ndilo linalosema kifaa kina sehemu mbovu. Ukilikuta limejipanga kwa makumi, na saa zake zinalingana na saa za ukaguzi wako, diski imeshajisema.

Shahidi wa pili ni diski yenyewe. Kila diski huweka kumbukumbu ya afya yake, na programu ya bure CrystalDiskInfo hukuonyesha. Kwa diski ya kuzunguka usiyumbishwe na mistari yote ile, tazama minne. Namba `05` ni sekta ambazo diski imeshazitelekeza na kuhamishia kwingine. `C5` ni sekta zilizoshindwa kusomeka na zinasubiri uamuzi. `C6` ni zile zilizoshindikana. Zote zinapaswa kuwa sifuri, na hatari zaidi ni kuziona zikipanda wiki hadi wiki. Angalia pia kwamba programu hiyo kwa kawaida huonyesha hesabu kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo ukiona 10 ni 16. Wa nne, `C7`, ni wa kuchekesha kidogo: unahesabu makosa yaliyotokea kati ya diski na madabodi. Ukipanda huo peke yake, diski haina hatia, waya wa SATA ndio mbovu au umelegea. Nimewahi kuona mtu amebadilisha diski mbili wakati waya ulikuwa ule ule. Kwa SSD za NVMe majina ni mengine, nawe tazama mstari wa `Media and Data Integrity Errors`, ambao nao unapaswa kusoma sifuri.

Diski inayokufa ina hila moja inayowapoteza wengi. Steam ikishusha kipande upya na kukiandika pale palipokuwa na sekta mbovu, diski hutumia nafasi hiyo kuitelekeza sekta ile na kuandika kwenye ya akiba. Ukaguzi unaofuata unapita safi. Mwenye gemu anashangilia. Baada ya siku nne sekta ya jirani inakufa, na mchezo unaanza upya. Ukiona hivyo, usikimbilie `chkdsk /r`. Amri hiyo husoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na diski mgonjwa inaweza kukatikia humo. Hamisha kwanza picha na nyaraka zako, halafu ndipo ufanye lolote.

Kuna aina nyingine ya diski ambayo haifi kwa kuwa haikuzaliwa. Ni zile SSD za nje na flashi zinazotembezwa kwa bei ya kutupa, zimeandikwa TB 2 wakati ndani kuna GB 64. Zimechezewa ili ziijibu kompyuta kwamba ni kubwa. Ukizidisha ujazo wake wa kweli, data mpya inafuta ya zamani au inapotelea hewani, bila kulalamika. Hapa ndipo kanuni yangu ya diski kukiri kosa inapovunjika. Gemu ya GB 90 ukiiweka humo, ukaguzi utakupa mamia ya mafaili mabovu. Programu ya bure H2testw huijaza diski hadi ukingoni na kuisoma tena, na itakuambia ukweli wake kabla hujaiamini.

Mpwa wangu alirudi na daftari. Ukaguzi wa kwanza: `base_map.scs` na `base_vehicle.scs`. Wa pili: `base.scs`. Wa tatu: hakuna. Wa nne: `base_vehicle.scs` tena, na `def.scs`. Kompyuta haikuganda hata mara moja. `Event Viewer` haikuwa na tukio namba 7. CrystalDiskInfo ilionyesha `05`, `C5`, `C6` na `C7` zote sifuri. Diski ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi.

Makosa yanayohamahama huku diski ikiwa kimya ndiyo sura ya RAM. Lakini nilitaka jambo moja zaidi, jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya bila kushusha chochote. Nilimwambia azime Steam kabisa ili isiguse mafaili, afungue dirisha la amri ndani ya folda ya gemu, apige hesabu ya faili moja kubwa:

```
certutil -hashfile base.scs SHA256
```

Amri hii ipo ndani ya Windows tayari. Inasoma faili na kutoa alama ndefu. Andika herufi nane za mwanzo na nane za mwisho. Kisha chagua `Restart`, maana kuzima kwa kawaida kwenye Windows za sasa si kuzima kabisa. Ikiwaka, rudia amri ile ile. Halafu mara ya tatu.

Huko kuwasha upya ndiko kwenye siri yenyewe. Windows ikishasoma faili, huliacha kwenye RAM iliyo wazi ili ukilihitaji tena lisisomwe upya kutoka diski. Ukipiga amri mara tatu mfululizo bila kuwasha upya, unaweza kuwa unapima nakala ile ile iliyokaa kwenye RAM mara tatu, na jibu likafanana hata kama ni la uongo. Kwa sababu hiyo pia, ukaguzi unaofanywa dakika moja baada ya kushusha gemu hauna thamani kubwa, kwa kuwa hujui kama uliigusa diski.

Majibu yake yalikuwa hivi: mara ya kwanza alama moja, mara ya pili nyingine, mara ya tatu ile ya kwanza imerudi. Faili halikuguswa na mtu. Kama lingekuwa bovu kwenye diski, lingetoa alama mbaya, lakini ile ile kila siku. Faili lisilobadilika likitoa alama mbili, basi aliyekosea ni msomaji. Diski ilitoa kitu kimoja mara tatu, na mara moja kitu hicho kiligeuka baada ya kuingia kwenye RAM.

Hapa panaeleza pia kwa nini kushusha upya hakukumsaidia, na pengine kulimharibia zaidi. RAM mbovu huumiza pande zote mbili. Upande mmoja, inasoma faili zima na kulitangaza bovu, Steam inalishusha bure. Upande wa pili, kipande kinafika kizima kutoka mtandaoni, kinapita ukaguzi, halafu katika ile nafasi ndogo ya kusubiri kuandikwa, biti inageuka. Diski inapokea kitu kilichokwisha kuharibika na kukihifadhi kwa uaminifu wote. Kila alipokuwa "akitengeneza" gemu, alikuwa anapitisha mafaili mapya kwenye kinu kile kile.

Tukaenda kwenye kipimo cha RAM. Windows ina chake, `mdsched.exe`, nacho si kibaya kwa kuanzia, ila ni chepesi, huachia makosa mengi yapite. Ninachotumia ni Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows, ili RAM karibu yote iwe wazi kwa kupimwa. Kazi yake ni kuandika mpangilio fulani wa biti kila mahali, kuusoma, kuugeuza na kuusoma tena, kwa mitindo mingi, kwa kuwa kuna biti inayolegea pale tu jirani zake wanapobadilishwa. Mzunguko mmoja wa GB 16 kwenye mashine ile ulichukua zaidi ya saa. Uache usiku kucha, mizunguko minne au zaidi. Kosa moja tu linatosha kuhukumu. Hakuna RAM yenye makosa machache yanayokubalika.

Yeye hakuhitaji usiku. Dakika ya 20 na kitu mstari mwekundu ulitokea, na hadi mzunguko unaisha yalikuwa 11.

Mstari mwekundu hukuonyesha anwani ya kosa, na watu hupenda kukisia: anwani iko juu, basi ni stiki ya pili. Usifanye hivyo. Stiki mbili zikifanya kazi kwa pamoja, data hugawanywa kwa zamu kati yao, hii kidogo na ile kidogo, na anwani peke yake haikuambii ya nani. Njia ni ya kizamani. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi utoe umeme wa mwilini, toa stiki moja, pima. Kisha badilisha. Stiki ya awali ilikwenda mizunguko minne bila kosa. Ile ya mtumba aliyoiongeza ikatoa makosa. Tukaifuta meno yake ya dhahabu kwa kitambaa chenye spiriti, tukaihamishia nafasi ya kwanza, ikatoa makosa tena. Kuhamisha nafasi kuna maana: kosa likifuata stiki, stiki ni mbovu, likibaki kwenye nafasi, shaka inahamia kwenye madabodi. Na kila stiki ikipita peke yake lakini zikiwa pamoja zinakosea, mara nyingi ni mbili zisizolingana zinazolazimishwa kwenda kwa kasi moja. Kama kwenye BIOS umewasha XMP, yaani ile kasi ya ziada ya RAM, izime na upime tena kabla ya kumlaumu muuzaji.

"Lakini Mjomba," akauliza, "mbona Word inafanya kazi, intaneti inafanya kazi, gemu tu ndiyo inakufa?"

GB 16 ni biti zaidi ya bilioni 137. Stiki ile ilikuwa na kundi dogo tu la biti zilizolegea. Ukifungua barua ya kurasa mbili na kivinjari, RAM nyingi inabaki tupu, na pengine hakuna kinachokalia pale pabovu. Gemu inapakia GB kadhaa kwa mara moja, na Windows inajaza iliyobaki kwa nakala za mafaili yake makubwa, hivyo sehemu mbovu lazima ipate mpangaji. Tena biti iliyogeuka ndani ya picha ya barabara ni doa ambalo hutaliona. Ndani ya faili lililobanwa, biti hiyo moja huvuruga kila kinachofuata, na gemu inaanguka. Barua na picha zako hazina orodha ya alama. Zilikuwa zinapita njia ile ile, na hakuna aliyekuwa anahesabu.

Kipimo cha RAM kikipita safi kwa usiku mzima na bado mafaili yanahamahama, usiseme nimekudanganya. Kuna prosesa pia, na ushahidi mkubwa upo. Prosesa kadhaa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zile za mezani zenye nguvu, zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi na kudhoofika kidogo kidogo. Wachezaji waliona gemu zikishindwa kufungua mafaili yaliyobanwa na zikitoa ujumbe wa uongo kwamba kadi ya picha imeishiwa kumbukumbu. Mwaka 2024 Intel walikiri tatizo, wakatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza muda wa waranti kwa miaka 2. Marekebisho huzuia madhara mapya; prosesa iliyokwisha kudhoofika hubadilishwa. Mashine ya mpwa wangu ni ya zamani mno kuwa na ugonjwa huo wa kitajiri.

Stiki mbovu ilirudi kwa muuzaji, ambaye alisema iliondoka dukani kwake nzima. Mpwa wangu akabaki na GB 8 kwa muda. Kazi haikuishia hapo, maana kila kilichoandikwa kwenye diski katika wiki zile kilipita kwenye RAM mbovu, Windows yenyewe ikiwemo. Tulifungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kupiga:

```
sfc /scannow
```

Amri hii inafanya kwa mafaili ya Windows kile Steam inachofanya kwa gemu. Ilikuta mafaili machache mabovu, ikayatengeneza. Kisha tukakagua gemu. Mafaili 2 yalikutwa mabovu, na haya yalikuwa mabovu kweli, yaliyoandikwa hivyo kwenye diski. Yakashushwa. Tukawasha upya, tukakagua: sifuri. Kesho yake sifuri. Wiki iliyofuata sifuri, na lori lilifika na mzigo wake.

Baadaye alinipigia kuhusu jambo jingine. Katika wiki zile alikuwa amehamishia kwenye kompyuta hiyo picha za harusi ya dada yake kutoka kwenye simu, kisha akazifuta kwenye simu ili apate nafasi. Picha 5 zilikuwa na nusu ya chini ya kijivu, na 1 haikufunguka kabisa. Hizo hazina mahali pa kushushwa upya.